Je, Wajua? Hesabu Iliyojificha Ndani ya Ngumi ya Ryu

Je, wajua kwamba katika gemu la kupigana hakuna pigo linalotoka papo hapo? Picha unayoiona kwenye skrini hubadilishwa mara 60 kila sekunde, na kila picha moja huitwa fremu. Fremu moja ni takriban milisekunde 17, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ndani ya gemu kila ngumi, kila teke na kila kuruka hupimwa kwa fremu nzima, na nusu fremu haipo. Ukisikia wachezaji wawili wakibishana kama pigo fulani ni la "nne" au la "sita", wanabishana kuhusu fremu.

Je, wajua kwamba kila pigo lina vipande vitatu? Kwanza kuna maandalizi: mkono unavutwa na mwili unajipanga, lakini bado hakuna kinachoumiza. Kisha fremu hai, yaani muda ambao ngumi ikimgusa mtu inamuumiza. Mwisho ni kurejea, pale mkono unaporudishwa na wewe huwezi kufanya lolote, hata kukinga. Mtumie Ryu wa Street Fighter 6, gemu la Capcom lililotoka Juni 2023. Ngumi yake nyepesi ya wima hufika kwenye fremu ya 4, ina fremu hai 3, kisha inarejea kwa fremu 7. Karibu wahusika wote wa gemu hilo wana ngumi au teke la fremu 4, na hakuna pigo la kawaida la haraka zaidi ya hapo. Capcom hurekebisha namba za wahusika kila wanapotoa sasisho, kwa hiyo jedwali ulilolisoma mwaka juzi lisikutie kiburi.

Je, wajua kwamba namba muhimu kuliko zote kwa mgeni ni ile inayoeleza kinachotokea baada ya pigo kukingwa, wala si kasi ya pigo lenyewe? Hapa tusimame kidogo, maana hapa ndipo watu wengi huachwa na basi.

Ngumi nyepesi ya Ryu ikigusa kwenye fremu ya 4, bado anadaiwa fremu 9 kabla hajawa huru: fremu hai 2 zilizobaki na zile 7 za kurejea. Kama mpinzani amekinga, naye hukwama kwa fremu 8 akiwa ameganda nyuma ya mikono yake. Nane kasoro tisa ni hasi moja. Mpinzani anakuwa huru fremu moja kabla ya Ryu, na kwenye jedwali hilo huandikwa -1. Ngumi hiyohiyo ikimpata mpinzani ambaye hakukinga, atakwama fremu 13. Kumi na tatu kutoa tisa ni nne, yaani +4 kwa Ryu. Alama ya kuongeza maana yake wewe ndiye unayetangulia kutembea. Alama ya kutoa maana yake anayetangulia ni mwenzako.

Sasa chukua watu wawili, wote wamemchagua Ryu. Wewe unapiga ngumi nyepesi, mwenzako anakinga, na papo hapo wote mnabonyeza tena ngumi nyepesi kwa nguvu zote. Mgeni hudhani atakayeshinda ni mwenye kidole chepesi. La hasha. Mwenzako alikuwa huru fremu moja kabla yako, kwa hiyo ngumi yake inafika ukiwa bado kwenye fremu ya 3 ya maandalizi yako. Unapigwa. Ukirudia kitendo hicho mara mia, na wote mkibonyeza bila kuchelewa, utapigwa mara mia. Hakuna bahati hapo, na kugonga kitufe kwa hasira hakubadilishi kitu.

Lakini tuseme mwenzako, badala ya ngumi nyepesi, amechagua ngumi ya kati ambayo kwa Ryu hufika kwenye fremu ya 6. Alitangulia kwa fremu moja, kwa hiyo kwa saa yako ngumi yake ingefika kwenye fremu yako ya 5. Yako inafika kwenye ya 4. Safari hii wewe ndiye unayempiga. Ndiyo maana -1 haimaanishi umekufa. Inamaanisha zamu ni ya mwenzako, na kama ataitumia vibaya unaweza kuichukua.

Je, wajua kwamba kumpiga mtu akiwa katikati ya maandalizi yake kuna zawadi? Katika Street Fighter 6 huitwa Counter, na skrini yenyewe inakuandikia. Mpigwaji hukwama fremu 2 zaidi ya kawaida na anaumia kwa asilimia 20 zaidi. Ukimpata akiwa kwenye kurejea, yaani ameshapiga na hajajirudisha, skrini huandika Punish Counter na nyongeza inakuwa fremu 4. Rudi kwenye ile ngumi nyepesi ya +4. Ikigusa kwa kawaida, kinachoweza kufuata bila mpinzani kukinga ni pigo lingine la fremu 4. Ikigusa kama Counter, inakuwa +6, na sasa ngumi ya kati ya fremu 6 inaingia. Kwa Punish Counter inakuwa +8. Kitufe ni kilekile, lakini milango inayofunguka mbele yake ni tofauti.

Wajua tena kwamba Shoryuken ya Ryu, ile ngumi ya kupaa ambayo kila mtoto huililia, ni mojawapo ya mapigo yanayokuacha wazi kuliko yote? Ikikingwa, Ryu anakuwa nyuma kwa zaidi ya fremu 20. Hiyo ni theluthi ya sekunde akiwa anaelea bila msaada, na mpinzani ana nafasi ya kuchagua pigo lake zito kuliko yote. Kosa la mgeni aliyeikinga Shoryuken huwa ni kujibu kwa ngumi nyepesi moja, kwa sababu ana haraka na hajui kwamba muda anao. Akijua namba, atasubiri Ryu ashuke karibu na ardhi na kumpiga kwa kitu cha maana.

Umbali nao una neno lake. Tuseme teke fulani ni -6 likikingwa. Kwa karatasi, mwenye pigo la fremu 4, 5 au 6 anaweza kumwadhibu aliyelipiga. Lakini kama teke hilo limegusa kwa ncha ya kidole, ngumi nyepesi ya fremu 4 haifiki. Ni fupi mno. Jedwali linasema "adhibu", mkono unasema "sifiki". Mchezaji mzoefu hulipiga teke hilo kwa ncha makusudi, na ukiona mtu hupiga teke moja kila mara kutoka umbali uleule, huo si uoga.

Je, wajua kwamba huhitaji kukariri jedwali lolote ili kuyaona haya kwa macho? Ingia kwenye chumba cha mazoezi cha Street Fighter 6, fungua menyu, na kwenye mipangilio ya skrini washa Frame Meter. Chini ya wapiganaji utatokea ukanda wa visanduku, mstari mmoja kwa kila mpiganaji. Kijani ni maandalizi, chekundu ni fremu hai, buluu ni kurejea. Mwambie mpiganaji wa mazoezi akinge kila kitu, kisha piga ngumi moja na uutazame ukanda. Utaona nani alitangulia kuwa huru na kwa visanduku vingapi. Kisha mpangie mpiganaji huyo ajibu kwa ngumi nyepesi kila anapomaliza kukinga, na wewe jaribu kubonyeza baada ya kila pigo lako. Mapigo ambayo baada yake unachapwa kila mara ni yale unayopaswa kuyaacha kuwa ya mwisho, ukishayapiga kaa kimya na ukinge. Jioni moja kwenye chumba hicho, kwa maoni yangu, ina faida kuliko wiki ya kutazama video za mabingwa.

Je, wajua kwamba kombo ilizaliwa kwa bahati? Street Fighter II ilipokuwa inatengenezwa, kabla ya kutoka mwaka 1991, mtayarishaji wake Noritaka Funamizu alikuwa akikagua hitilafu kwenye ile raundi ya zawadi ya kuvunja gari. Akagundua kwamba kwa wakati sahihi kabisa aliweza kuingiza pigo la pili kabla la kwanza halijaisha athari. Aliona ni jambo gumu mno kulifanya, hata asifikiri kwamba wachezaji wangelitumia, basi likaachwa ndani kama siri. Wachezaji wakaikuta. Kufikia Super Street Fighter II ya mwaka 1993, Capcom walikuwa wameweka hesabu ya mapigo kwenye skrini, na aina nzima ya magemu ikajengwa juu ya kitu ambacho hakikupangwa.

Je, wajua kombo ni nini hasa, ukiondoa kelele? Ni mapigo yanayofuatana ambapo la pili linafika kabla mpigwaji hajawa huru kutokana na la kwanza. Basi. Kama angekuwa huru hata kwa fremu moja na angeweza kukinga, hiyo si kombo, hata kama yalimpata yote kwa sababu alikuwa amezubaa. Namna ya kutofautisha ni rahisi: tazama hesabu ya mapigo kwenye skrini. Ikisoma 1, kisha 2, kisha 3, umefanya kombo. Ikisoma 1, ikapotea, ikasoma 1 tena, umempiga mtu mara mbili tofauti, na siku utakapokutana na anayekinga vizuri utashangaa kombo yako imekwenda wapi.

Njia za kuunganisha ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kusubiri pigo liishe lote, kisha kupiga lingine ndani ya zile fremu za faida. Ndiyo ile +4 inayofuatwa na pigo la fremu 4. Hii hudai mdundo, kwa sababu ukichelewa mwenzako anakinga na ukiwahi mno kitufe kinapotea hewani. Zamani kwenye mashine za ukumbini ulihitaji fremu kamili. Street Fighter 6 imekuwa na huruma kidogo: ukibonyeza mapema kwa fremu chache, gemu hukuwekea amri yako na kuitoa mara tu unapokuwa huru. Ya pili ni kukatiza. Unapiga ngumi, na inapogusa tu, kabla mkono haujaanza kurudi, unaingiza amri ya pigo maalumu na gemu linafuta kurejea kote. Katika Street Fighter II teke la chini la kati la Ryu likikatizwa na Hadoken, ule mpira wa nguvu, lilikuwa somo la kwanza la vizazi vya wachezaji, na hadi leo mtu mzima wa miaka 45 anaweza kulifanya akiwa amelala.

Mfano wa kuanzia nao, kwa Ryu wa Street Fighter 6: ruka kumwelekea mpinzani na teke zito la hewani, tua, piga ngumi ya kati ukiwa umechuchumaa, kisha uikatize kwa Shoryuken nzito. Shoryuken huingizwa kwa mbele, chini, mbele-chini, halafu ngumi. Mapigo ni matatu, lakini yanafundisha mengi. Teke la hewani lazima liguse ukiwa unakaribia kutua. Ukilipiga mapema juu hewani, linagusa kichwa, mpinzani anakuwa huru kabla hujafika chini, na ngumi yako inakingwa. Ukiona hesabu inakatika baada ya pigo la kwanza, hilo ndilo kosa. Ikikatika baada ya la pili, umechelewa kukatiza: mkono ulikuwa umeshaanza kurudi ulipoingiza amri. Na ikiwa badala ya Shoryuken imetoka Hadoken, kidole gumba chako kilipitiliza hadi mbele na kuishia hapo. Kinapaswa kusimama kwenye kona ya mbele-chini.

Sasa kuna mtego. Tumeshasema Shoryuken ikikingwa ni balaa la fremu 20 na zaidi. Mgeni hujifunza kombo kama wimbo na kuimaliza hata pale teke la kwanza lilipokingwa. Ndiyo maana wazoefu hutumia muda ule wa teke na ngumi kutazama: imempata, au amekinga? Ikiwa imempata, malizia. Ikiwa amekinga, ishia kwenye ngumi. Mazoezi yake ni kumpangia mpiganaji wa mazoezi akinge bila mpangilio, mara hivi mara vile, na kujilazimisha kusimamisha kidole. Ni mazoezi ya kuchosha na hayapendezi kutazama, lakini mtu asiyeyafanya hutambulika ndani ya raundi moja.

Je, wajua kwamba kombo ndefu si lazima iwe na thamani ya urefu wake? Gemu hupunguza uchungu kadiri mapigo yanavyoongezeka. Katika Street Fighter 6, kwa kombo ya kawaida, mapigo mawili ya kwanza huumiza kikamilifu, la tatu hushuka hadi asilimia 80, la nne 70, na kuendelea kushuka. Wahusika wengi wana uhai wa pointi 10,000, na pigo la tisa la kombo yako ya kujionyesha linaweza kuwa linachuna ngozi tu. Kombo ya mapigo matatu unayoiweza mara tisa kati ya kumi ni bora kuliko ya mapigo kumi na mawili inayokuponyoka katikati na kukuacha mikononi mwa mtu mwenye hasira.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya pambano hupita bila mtu kuwa na faida yoyote? Wote wako huru, wako mbali kidogo, hakuna aliyekwama. Hali hiyo wachezaji huiita nyutro. Kwa mtazamaji mgeni huonekana kama watu wawili wanaosogea mbele na nyuma bila sababu. Kwa hakika ndipo pambano lenyewe lilipo, kwa sababu kombo zote tulizozitaja haziwezi kuanza hadi mtu mmoja ampate mwenzake hapo.

Kwa nini usimsubiri tu afanye jambo, kisha ujibu? Kwa sababu ya macho yako. Mtu wa kawaida anayesubiri ishara moja rahisi hujibu baada ya milisekunde 200 hadi 250, yaani fremu 12 hadi 15. Kumbuka ngumi nyepesi ni ya fremu 4. Hakuna binadamu anayeiona ngumi hiyo na kuamua kuikinga. Anayeikinga alikuwa tayari ameshika nyuma. Mweleka, ule wa kumkamata mtu na kumwangusha, ni wa fremu 5 na haukingiki kabisa. Nao hujibiwa kwa kubashiri tu. Kwa upande mwingine Drive Impact, ile dhoruba yenye rangi za kupasuka, ina maandalizi ya fremu 26, karibu nusu sekunde. Hiyo inajibika. Kila mtu huijibu kwenye chumba cha mazoezi. Kisha anaingia kwenye pambano la kweli na kupigwa nayo mara nne, kwa sababu sasa macho yanalinda pia kurukiwa, kukimbiliwa na kukamatwa, na kila unachokilinda zaidi huzifanya zile fremu 15 ziwe 20 au 25.

Televisheni nayo hula fremu zake. Nyingi huchakata picha ili ipendeze kabla ya kuionyesha, na fremu kadhaa zinapotea hapo. Kama televisheni yako ina mpangilio wa Game Mode, uwashe kabla hujajilaumu.

Je, wajua kwa nini huwezi kuuruka mpira wa Ryu kwa kuungoja? Hili tulipige hesabu hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake mna nyutro nzima. Hadoken nyepesi ya Ryu hutoka kwenye fremu ya 16, na kwa jumla humfunga Ryu kwa takriban fremu 47. Kuruka kwako kuna sehemu zake: fremu 4 za kujikunja ukiwa bado ardhini, takriban 38 hewani, na 3 za kutua.

Tuseme uko umbali wa wastani na umeamua kuruka ukiiona. Ryu anaanza. Macho na kidole chako vinachukua fremu 15. Unajikunja kwa 4, tumefika 19. Unapaa na kuanza kushuka, na teke lako la hewani linaweza kumfikia pale umeshamaliza tuseme fremu 33 za hewani. Hiyo ni fremu ya 52. Ryu amekuwa huru tangu ya 48, na zaidi ya hapo amekuona ukielea kwa nusu sekunde, kidole chake kikingoja. Shoryuken nyepesi hufika kwenye fremu ya 5 na miguu ya anayeshuka haiwezi kuigusa. Unaanguka wewe, na mashabiki nyuma yako wanacheka.

Sasa ruka bila kuona, kwenye fremu ileile anayoanza yeye, kwa sababu umembaini kwamba kila akirudi nyuma hatua mbili hurusha mpira. Nne za kujikunja na 33 za hewani ni 37. Ryu bado anadaiwa fremu kumi. Teke linampata kwenye kurejea, skrini inaandika Punish Counter, na ile kombo ya mapigo matatu inaingia nzima. Tofauti ya matokeo hayo mawili ni fremu 15 tu, zile za macho yako. Na ukibashiri akawa hakurusha? Uko hewani, huwezi kukinga wala kugeuka, naye yuko chini akikutazama. Shoryuken tena. Kwa hiyo mrusha mpira anayejua kazi yake hurusha miwili, kisha wa tatu anajifanya, anachuchumaa na kuinuka, akingoja uruke. Mgeni akiambiwa "soma mpinzani wako" hudhani ni maneno ya kishairi. Ni hesabu hii.

Karibu zaidi, kwenye umbali wa mateke, mchezo ni uleule kwa ukubwa mdogo. Unasimama nusu hatua nje ya ncha ya teke la mwenzako. Unaingia ndani, unatoka. Ukiingia, anashawishika kupiga; ukitoka kwa wakati, teke linapita hewani na mguu wake unabaki umenyooka mbele yako ukirejea. Mguu ule nao unapigika. Tatizo ni kwamba teke la kati, kwa mfano la fremu 30 mwanzo hadi mwisho, ukiliona kwenye fremu ya 15 na pigo lako likihitaji 8, umebakiwa na pengo la fremu saba tu la kukosea. Ndiyo sababu wachezaji hawalingoji teke lije. Wanalichokoza kwa miguu, na kidole kinakuwa kimeshaanza kushuka wanaporudi nyuma. Na mwenzako akigundua unatoka kila mara, hatapiga tena. Atatembea mbele tu, akukamate.

Je, wajua kwamba kipande cha video maarufu kuliko vyote cha magemu haya ni somo la nyutro kabla hakijawa somo la vidole? Mwaka 2004, kwenye mashindano ya Evo yaliyofanyika chuo cha Cal Poly Pomona huko California, Daigo Umehara wa Japani alikuwa na Ken, na Justin Wong wa Marekani alikuwa na Chun-Li, katika Street Fighter III: 3rd Strike. Ken alibakiwa na uhai kidogo kiasi kwamba hata kukinga pigo maalumu kungemuua. Wong alikuwa na mita ya pigo kuu la Chun-Li, mateke mfululizo yasiyo na nafasi ya kupumua. Njia pekee ya Ken kuishi ilikuwa kuparia, yaani kusukuma mbele badala ya nyuma pale kila teke linapogusa. Umehara alijua kwamba Wong anajua hilo. Akajisogeza kwenye umbali wa pigo hilo, akimwita. Wong alipoachia, Umehara aliparia mapigo yote kumi na tano, la mwisho akiwa ameruka hewani, akashuka na kombo iliyomaliza raundi. Watu walipiga kelele. Ambacho husahaulika ni kwamba hakuchukua ubingwa siku hiyo. Kwenye fainali alifungwa na Mjapani mwenzake Kenji Obata, aliyekuwa akitumia Yun.

Na kwa wale waliokulia kwenye vibanda vya pleisteshen wakibonyeza Tekken: je, wajua kwamba huko namba zinahama? Ngumi ya kawaida ya haraka katika Tekken ni ya fremu 10, si 4, kwa hiyo pigo lako likiwa -9 likikingwa, kwa kawaida uko salama. Hatari huanza kwenye -10. Na ngumi hiyo ya fremu 10, kwa wahusika wengi, ikikingwa inampa mpigaji +1. Ngumi nyepesi ya Ryu ikikingwa zamu inakwenda kwa mwenzake. Ya Tekken ikikingwa zamu inabaki kwako. Mtu anayehama kutoka gemu moja kwenda jingine akiwa na mazoea ya zamani huchapwa wiki nzima kabla hajaelewa kwamba alikuwa anabonyeza kwenye zamu isiyo yake.